Namna ya Kujibu Zabuni ya Magunia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tandahimba)



Tumetakiwa kusema habari ya kujibu zabuni ya kuleta vitu, kwa kuwa wengi wetu makarani huombwa na wafanya biashara wa mji wetu kuwaandikia hati hizo. Tumechagua kitu kimoja tu, nacho ni gunia la juti, kwa sababu kila mtu katika uwanda huu wa Makonde alijua. Tangu mwaka 2007 korosho zetu huuzwa kwa mpango wa stakabadhi ghalani, na kabla ya mnada wa Oktoba lazima magunia yawe yamekwisha fika katika vyama vya msingi.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Zamani kidogo tulimwandikia mfanya biashara mmoja majibu ya zabuni ya magunia. Mnunuzi alikuwa ameweka masharti 14, na ametaka jedwali la ulinganifu, yaani karatasi inayoonyesha kila sharti na jibu lake. Sisi tulijaza neno moja, "Yakidhi", mara kumi na nne, tukapiga chapa vizuri, tukajisifu kwa unadhifu wa kazi. Sharti la tano lilisema gunia tupu lisipungue gramu 1,000. Siku ya uchunguzi walilitwaa gunia la mfano, wakaliweka juu ya mizani, likaonekana ni gramu 940. Hati yake ya bei haikutazamwa hata kidogo. Mtu yule alikuwa amekwisha kopa fedha, na kalamu iliyoandika ilikuwa yetu.

Labda mtauliza, gramu 60 ni nini? Na tuhesabu pamoja. Korosho hupimwa pamoja na gunia, kisha uzito wa gunia huondolewa. Ikiwa mizani hukata kilo 1 kwa kila gunia, na gunia lenyewe ni gramu 940, basi gramu 60 zilizozidi hukatwa katika korosho za mkulima. Kwa magunia 20,000 ni kilo 1,200 za korosho, zaidi ya tani moja, ambazo wenyewe hawatalipwa. Mnunuzi aliyeandika sharti la tano alikuwa na sababu, nasi hatukuitafuta.

Basi jedwali twalifanya hivi sasa. Twaandika namba ya sharti kama ilivyo katika nyaraka, tena maneno yake yale yale bila kuyafupisha. Kando yake twaandika kitu tutakacholeta kwa kipimo chake, si "yakidhi" bali "gramu 1,020, wastani wa magunia kumi". Mwisho twaandika ukurasa ulipo ushahidi: karatasi ya mtengenezaji, au hati ya maabara, au barua. Safu hii ya mwisho ndiyo inayomzuia karani asiseme uongo pasipo kujua, maana akikosa ukurasa wa kuandika, amekwisha tambua kwamba jambo lile hana hakika nalo.

Kupima nako kuna hila yake. Juti hunywa unyevu wa hewa. Gunia lililolala ghalani pwani huweza kuonekana zito kuliko lilivyo, na likikauka hupungua. Kwa hiyo twafungua robota, twatwaa magunia kumi ya juu, ya kati na ya chini, twayaacha mahali pakavu penye hewa siku mbili, ndipo twapima moja moja. Tukiona hata matatu yamekaribia mno mpaka wa chini, twamwambia mfanya biashara atafute magunia mengine mapema.

Na sharti lisipotimizwa? Kuna upungufu mdogo na upungufu wa kiini. Rangi ya mstari ubavuni ikiwa tofauti, andika wazi katika jedwali. Mnunuzi huweza kuisamehe. Uzito, kipimo na siku ya kufikisha havisameheki. Lakini ukiona sharti lenyewe lina mashaka, uliza kwa maandishi kabla ya muda wa maswali kwisha, ukijua ya kuwa jibu litapelekwa kwa washindani wote, pasipo kutaja jina lako. Wengine huogopa kuuliza kwa sababu hiyo, nasi twaona hofu hiyo ni hasara tupu.

Andiko la ufundi halihitaji maneno mengi kwa bidhaa kama hii. Mnunuzi ataka kujua magunia yako wapi leo. Kama yangali ng'ambo, Bangladeshi au Uhindi, na zabuni yadai siku 45, basi meli haitakungoja. Andika ghala la Dar es Salaam lenye magunia hayo, uambatishe barua ya mwenye ghala. Kisha eleza yatakavyopandishwa huku uwandani, ghala kwa ghala, na tarehe zake. Tulipata kuongeza mstari mmoja uliopendeza: lori halitakuwa limebeba salfa ya mikorosho bila kuoshwa. Wanaolijua vumbi lile hawahitaji maelezo.

Sasa bei. Tuseme, kwa mfano tu, magunia 20,000 yatakiwa, na Dar es Salaam gunia ni shilingi 3,000. Robota lina magunia 300. Basi marobota 66 hayatoshi, lazima kununua 67, ambayo ni magunia 20,100. Yale 100 ya ziada yatakuwa ya kubadilisha yenye kasoro, na gharama yake ni shilingi 15 kwa kila gunia litakalouzwa. Lori shilingi 150, kushusha na kupanga 35. Hapo tumefika 3,200. Malipo yasipopatikana kwa miezi mitatu, na mkopo ni asilimia 18 kwa mwaka, riba ni shilingi 144. Jumla 3,344. Ofisi na faida tuweke 206, tupate 3,550, yaani shilingi 71,000,000 kwa zabuni nzima, kabla ya kodi, ambayo huonyeshwa kama nyaraka zinavyoagiza.

Mtu akisikia kwamba mshindani atatoa 3,400, hukimbilia kutafuta gunia jepesi. Mahali pa kupunguza ni penye riba: ukimwomba mwenye ghala angoje fedha zake miezi mitatu, sehemu kubwa ya zile 144 huondoka, nawe waweza kuandika 3,410 na faida yako iko palepale, ila shilingi tano juu au chini. Chini ya 3,200 ni kumlipa mnunuzi achukue mali yako.

Tena angalieni hesabu ya kuzidisha. Kwa desturi ya zabuni, bei ya kimoja na jumla zikipingana, bei ya kimoja ndiyo ishikwayo. Karani akiandika 3,350 mahali pa 3,550, huku jumla ikibaki 71,000,000, mnunuzi atasoma 67,000,000, na mfanya biashara atachagua kupoteza milioni nne au kukataa na kuhatarisha dhamana yake ya zabuni.

Zabuni za serikali tangu mwaka 2023 hupelekwa kwa mtambo wa NeST, wala si kwa bahasha. Mtambo hufungwa dakika ile ile iliyotangazwa, na mtandao wa huku hukatika. Sisi hupeleka siku iliyotangulia, mchana, kisha huchapa risiti ya kupokelewa na kuitia katika faili pamoja na lile gunia la mfano, lililoandikwa uzito wake kwa wino.