Kusukuma Viduara: Saketi ya Pampu kwa Mageti ya NAND Pekee



Saketi ninayowaletea ni ya kuwasha pampu ya kisima. Ina maingizo manne: K huwa 1 kisima kikiwa na maji, T huwa 1 tangi la juu likipungua, S huwa 1 swichi ya otomatiki ikiwashwa, na M huwa 1 mtu akibonyeza kitufe cha mkono. Kisima kikiwa kikavu, pampu isiwake kwa hali yoyote.

```
P = K·(M + S·T)
```

Hapo kuna AND mbili na OR moja. Mageti ni matatu tu, lakini yanadai chipu mbili, kwa kuwa AND zinatoka kwenye 7408 na OR kwenye 7432. Nia yangu ni kuiweka yote ndani ya 7400 moja, yenye NAND nne.

Wengi huanza kwa kubadilisha geti moja moja bila kutazama la jirani. AND moja hula NAND mbili na OR hula tatu, kwa hiyo tunafika 7. Saketi hiyo inafanya kazi, ila ukiichora utaona kati ya AND ya S na T na ile OR kuna NOT mbili zinazofuatana kwenye waya mmoja, kila moja ikifuta kazi ya mwenzake.

Kusukuma viduara kunatuepusha na hasara hiyo tangu mwanzo. Kanuni ya De Morgan inasema:

```
X' + Y' = (X·Y)'
```

Maana yake, OR iliyogeuziwa maingizo yote ni NAND ile ile, imechorwa kwa umbo jingine. Basi tunachukua mchoro wa awali bila kuufuta. Kwenye waya unaotoka AND ya S na T kwenda OR tunaweka viduara viwili, kimoja kila ncha. Viwili hivyo vinafutana, kwa hiyo maana ya saketi haijabadilika, lakini AND imeshakuwa NAND. OR nayo imepata kiduara kwenye ingizo moja. Ili iwe NAND inahitaji cha pili, upande wa M, na huko hakuna geti la kutoa kiduara cha kukifuta. Inabidi tuweke NOT, yaani NAND iliyounganishwa maingizo yake mawili. AND ya mwisho nayo inakuwa NAND kwa kuwekewa kiduara kwenye tokeo, na NOT moja inafuata kukiondoa. Jumla ni 5, limezidi geti moja.

Hapa ndipo ninapowaomba mtazame nje ya karatasi. Kitufe kinachounganishwa kwenda ardhini, kikiwa na resista ya kuvuta kwenda +5 V, hutoa 0 kikibonyezwa. Hiyo tayari ni M', tena bila geti lolote. NOT ya M inaondoka, na tunabaki na NAND nne:

```
pini 1 = S,      2 = T       -> 3
pini 4 = M',     5 = pini 3  -> 6
pini 9 = pini 6, 10 = K      -> 8
pini 12 na 13 = pini 8       -> 11 = P
pini 14 = +5 V,  7 = ardhi
```

Waya wa kitufe ukikatika, resista inashikilia 1, na saketi inaona kama kitufe hakijabonyezwa. Huo ndio upande salama wa kuharibikia.

Jihadharini na waya wenye matawi. Tuseme kulikuwa na taa ya LED inayoonyesha S·T, imechukuliwa kwenye waya ule wa kwenda OR. Kiduara kilichowekwa kwenye shina kinageuza matawi yote, lakini OR pekee ndiyo yenye kiduara cha kukifuta. Taa itawaka kinyume. Badala ya kuongeza geti, ifungeni kati ya +5 V na pini 3, pamoja na resista yake, iwake pini ikiwa 0. Tena ndivyo 7400 inavyopenda: tokeo lake linaweza kumeza 16 mA likiwa 0, ila likiwa 1 limehakikishiwa 0.4 mA tu.

Kosa linalotokea zaidi ni kusahau kiduara cha M na kuleta M yenyewe kwenye pini 4. Mtu akijaribu S = 1 na T = 1 peke yake halioni, kwa sababu pini 3 ikiwa 0, pini 6 ni 1 hata M iweje. Jaribuni K = 1 huku S na T zikiwa 0. Kitufe kikiwa kimeachiwa, pini 6 inatakiwa isome 0, na kikibonyezwa isome 1. Pampu ikiwaka yenyewe na kuzimika kitufe kinapobonyezwa, fuateni waya wa pini 4 kwanza.