Saa za Ziada, Hatari za Ziada: Fundi wa Kukata Nguo na Mfanyakazi wa Nondo

Mtu anayetafuta kibarua kwenye maeneo ya viwanda, iwe Ubungo jijini Dar es Salaam au Athi River nje ya Nairobi, huuliza kwanza mshahara. Akishajua mshahara huuliza kama ovataimu ipo. Vifaa vya kinga huviona siku ya kwanza kazini, na hali ya usalama huijua mwenzake anapoumia. Mada hii inageuza mpangilio huo. Inalinganisha kazi mbili, ya kukata kitambaa katika kiwanda cha nguo na ya kuzalisha nondo katika kiwanda cha vyuma, kwa kuzisoma hatari, kinga na saa katika hesabu moja. Vipimo vingi vya usalama huwekwa kwa siku ya saa 8. Siku ikirefuka, kinga iliyotosha saa kumi jioni huenda isitoshe saa mbili usiku.

Kwenye meza ya kukatia, kitambaa cha jinzi hupangwa tabaka juu ya tabaka, na fundi husukuma kisu cha umeme cha wima kufuata michoro. Mkono mmoja unaendesha kisu, mwingine unabana kitambaa mbele yake. Huo mkono wa pili ndio wenye hatari, na ndio unaopaswa kuvaa glavu ya nyavu za chuma. Glavu hiyo ina saizi na ina upande. Aliyepewa glavu kubwa ya kugawana na wenzake watatu atakuwa na vidole vinavyochezacheza ndani yake, nayo itanasa kitambaa. Baada ya nusu saa ataivua na kuitundika ukutani, mkaguzi atakapofika aikute.

Kwa hiyo kuuliza kiwandani kama glavu zipo hakusaidii sana. Yafaa kuuliza kila fundi ana yake au wanagawana, kisha kutazama mahali inapokaa kisu kikiwa kinanguruma. Hivyo hivyo kwenye laini ya cherehani: kikinga kidole kando ya sindano na kioo cha kukinga macho kwenye mashine ya vifungo hufungwa kwa skrubu, na skrubu hufunguka. Opareta anayekimbizana na tageti hugundua upesi kwamba bila kikinga uzi huingia haraka. Ukiona laini nzima imekosa vikinga, usimlaumu opareta kabla hujauliza tageti ilipangwaje.

Kiwanda cha nondo ni dunia nyingine. Vipande virefu vya chuma hupashwa moto hadi karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi, kisha hupitishwa kati ya roli, jozi baada ya jozi, vikizidi kuwa vyembamba na virefu. Ajali inayoogopwa zaidi hapo ni ya nondo kukosa njia. Ncha hugonga mwongozo, chuma kilicho nyuma kinaendelea kusukumwa, na nondo nyekundu huchomoka juu ikijikunja huku na huku. Hakuna aproni ya ngozi inayoizuia. Kinachookoa maisha ni uzio wa chuma kati ya watu na roli, pamoja na utaratibu wa kutokaa mtu upande ule mashine ikitembea. Viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu vina hatari nyingine: maji yaliyonaswa ndani ya chakavu, au mtungi uliofungwa, vikitumbukia kwenye tanuri hulipuka.

Vifaa vya kinga vya kazi hii ni buti, aproni, ngao ya uso, glavu za joto na nguo za pamba nzito au za ngozi. Nguo za nailoni au poliesta hazifai, kwa kuwa cheche huziyeyusha zikagandia ngozi. Fulana ya michezo ambayo kijana huvaa kwa sababu ni nyepesi ni hatari kuliko kanzu kuukuu ya babu yake. Tena mavazi mazito huongeza joto mwilini, hivyo anayeyavaa anahitaji maji na mapumziko mengi kuliko fundi wa nguo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akizidisha saa 5 mfululizo. Kwenye meza ya kukatia kiasi hicho kinavumilika. Mbele ya tanuri, saa 5 mfululizo ni nyingi mno, na meneja mwenye busara hupokezanisha watu kwa vipindi vifupi bila kusubiri sheria imlazimishe.

Jambo linaloziunganisha kazi hizi mbili ni kelele, na hapo ndipo saa za ziada zinapoonekana waziwazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kelele ikizidi desibeli 85, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kuidhibiti na kulinda usikivu. Wataalamu wengi wa afya kazini hutumia kipimo kikali zaidi: 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unaokubalika hupungua nusu. Kwa hiyo kwenye kelele ya 88 muda ni saa 4, na kwenye 91 ni saa 2.

Tuchukue kiwanda cha nondo chenye kelele ya desibeli 95 na mfanyakazi mwenye vizibo vya masikio vilivyoandikwa kwamba vinapunguza 30. Akivivaa muda wote, sikio linapata 65 tu. Lakini huvitoa ili kumsikia supavaiza na kupumzisha masikio, tuseme saa 1 katika zamu ya saa 8. Saa hiyo moja peke yake, ikisambazwa kwenye zamu nzima, ni sawa na kukaa kwenye desibeli 86. Kinga ya 30 imebaki 9, na kiwango cha 85 kimeshavukwa. Sasa aongezewe saa 4 za ovataimu, avitoe kwa uwiano uleule, yaani saa moja na nusu katika saa 12. Kipimo chake kinakaribia 88, ambacho kwa hesabu ya wataalamu ni mara mbili ya dozi inayokubalika. Hakuna mashine iliyobadilishwa wala kizibo kilichopotea. Laini za kushonea kwa kawaida huwa na kelele pungufu, hivyo ovataimu ileile ya saa 4 humchosha opareta mgongo na macho kuliko masikio.

Tuje kwenye malipo. Tanzania inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Nchini Kenya, Amri ya Jumla ya Mishahara inaweka saa 52 kwa wiki ya siku sita, na saa zote pamoja na ovataimu zisizidi 116 ndani ya wiki mbili. Sekta yenye amri yake au mkataba wa pamoja inaweza kuwa na saa pungufu, na hilo ni la kuulizwa kabla ya kusaini.

Ukijumlisha, jambo la kushangaza linajitokeza. Kwa wiki nne Mtanzania anaweza kufanya saa 180 za kawaida na 50 za ziada, jumla 230. Mkenya aliye chini ya Amri ya Jumla anaweza kufanya 208 na 24, jumla 232. Uchovu ni karibu uleule. Tofauti iko kwenye saa zinazohesabiwa kuwa za ziada.

Tuseme Mtanzania ana mshahara wa msingi wa shilingi 195,000 kwa mwezi. Sheria inagawanya mshahara huo kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45, na saa moja inakuwa karibu shilingi 1,000. Ovataimu ni 1,500, na saa 50 zinampa 75,000, zaidi ya theluthi moja ya mshahara. Mkenya mwenye shilingi 22,500 za Kenya hugawanyiwa kwa 225, saa moja inakuwa shilingi 100 na ovataimu 150. Saa zake 24 zinampa 3,600, chini ya humusi moja. Saa ya 46 hadi ya 52 katika wiki, ambazo Ubungo ni ovataimu, kwake zimo ndani ya mshahara. Anayelinganisha ajira za nchi hizi mbili kwa mshahara wa mwezi pekee hataziona.

Hesabu hiyo hutegemea saa kuandikwa. Malalamiko ya kawaida kwenye viwanda vya nguo ni ya laini kubakizwa imalizie tageti baada ya kadi kuchapwa kutoka. Slipu ya mshahara isiyotenganisha saa za kawaida na za ziada haimsaidii mtu kudai chochote.

Tena kuna hatari ya jengo lenyewe. Jioni ya tarehe 24 Novemba 2012, moto ulizuka kwenye kiwanda cha nguo cha Tazreen, Ashulia, nje ya Dhaka nchini Bangladeshi, wafanyakazi wengi wakiwa kwenye ovataimu. Nguo na nyuzi zilirundikwa ghorofa ya chini, mahali ngazi ziliposhukia, na hakukuwa na ngazi ya nje ya kukimbilia. Walionusurika walieleza kwamba kengele ilipolia waliambiwa warudi kwenye mashine. Watu wasiopungua 112 walikufa. Ukaguzi wa viwanda kwa kawaida hufanyika mchana, wakati mlinzi ana funguo mkononi na njia za kutokea hazijazibwa na mizigo ya kusubiri lori. Mwakilishi wa usalama anayetaka kujua hali halisi aizungukie milango saa mbili usiku, ajaribu kila komeo.

Limebaki suala moja linalostahili mjadala wa semina hii. Sheria ya Tanzania inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, wiki iliyobanwa: mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwemo, bila kulipwa ovataimu, ili mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Fundi wa kukata anaweza kuipenda, kwani anapata siku za kwenda shamba au za watoto. Kwa mfanyakazi wa nondo, mpango huo unaleta zamu ndefu ya kelele na joto bila hata malipo ya ziada ya kuifidia. Kabla ya tawi la chama cha wafanyakazi kuweka sahihi, lidai kelele ipimwe kwa zamu nzima ya saa 12, kipimo kikiwa kimevaliwa begani na mfanyakazi mwenyewe, na matokeo yabandikwe pamoja na ratiba.