Daftari la Ahadi

Mfanyabiashara wa jumla auzaye unga na sukari kwa mkopo hana budi, wasikilizaji wetu, kuwa na daftari la ahadi kando ya lile la madeni, ambamo huandikwa tarehe iliyotajwa, kiasi kilichoahidiwa, jina la aliyetamka, na hatimaye kilicholetwa. Na ahadi mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza wala isiifute, kwani kufuta ndiko kunakoficha tabia ya mdeni.

Tuseme mwenye duka anadaiwa shilingi 1,800,000, na muhula wake wa siku 30 umekwisha. Aliahidi kuleta 600,000 siku ya Ijumaa. Akaleta 200,000, na papo hapo akaagiza mali ya 500,000. Karani asiye makini ataandika kuwa amelipa, ilhali mali hiyo ikitoka ghalani deni litapanda hadi 2,100,000.

Hapo ndipo, kwa rai yangu, mkopo ukome: si kwa hasira, bali kwa kumwambia waziwazi kwamba tangu leo atachukua mali kwa fedha taslimu, na juu ya kila ankara ataongeza sehemu ya deni la zamani. Kumfungia mlango mara moja humpeleka kwa muuzaji mwingine, na fedha zake zikaenda huko. Lakini akivunja ahadi ya pili pasipo kuleta hata senti, wala kutoa habari kabla ya tarehe kuwadia, gari la mali lisiende tena dukani kwake mpaka deni lote liishe.