Mtambo Hauponyi Karatasi Mbovu



Katika mikutano yetu, tunapozungumzia uchaguzi ulioharibika, fikira zetu humwendea mwizi wa kura. Tumeombwa leo tuzungumze juu ya kura inayopotea bila mwizi: mwananchi amefika kituoni, ameingia kwenye kibanda kwa uhuru wake, na bado sauti yake haikuhesabiwa alivyokusudia. Tutachukua mfano wa jimbo moja, Florida, nchini Marekani, kwa kuwa yaliyotukia huko katika chaguzi mbili yamechunguzwa kwa undani.

Tuanze na mwaka wa 2000, katika kaunti ya Palm Beach. Wagombea wa urais walikuwa 10, na ofisa wa uchaguzi alitaka maandishi yawe makubwa ili wazee wengi wa eneo hilo waweze kuyasoma. Kwa nia hiyo njema aliyagawa majina katika kurasa mbili zilizofunguliwa kama mbawa za kipepeo, na matundu ya kutoboa yakawa katikati. Upande wa kushoto jina la kwanza lilikuwa la Bush na la pili la Gore. Upande wa kulia jina la kwanza lilikuwa la Buchanan. Lakini matundu yalipangwa kwa kupokezana: la kwanza la Bush, la pili la Buchanan, la tatu la Gore. Mtu aliyemtaka Gore, akiona jina lake ni la pili upande wake, alielekea kutoboa tundu la pili, na kura ikamwendea Buchanan. Wengine waliligundua kosa wakatoboa na la tatu, na kwa kutoboa mara mbili wakaiharibu kura. Karatasi zaidi ya 19,000 zilikataliwa katika kaunti hiyo kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. Bush alilitwaa jimbo zima, na urais pamoja nalo, kwa kura 537.

Tutajuaje kwamba kosa lilikuwa la karatasi, wala si la watu? Wataalamu waliwatazama wakazi wa kaunti hiyo hiyo waliopiga kura kwa posta. Karatasi zao hazikuwa za mtindo wa kipepeo. Miongoni mwao, sehemu ya kura aliyopata Buchanan ilikuwa kama robo tu ya ile aliyopata vituoni. Watu ni wale wale na wagombea ni wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio. Kipimo hiki tukikumbuke, maana tutakihitaji tena.

Baada ya aibu hiyo, kaunti nyingi za Florida zilitupa mashine za kutoboa na kununua mitambo ya skrini. Mpiga kura hugusa jina, na mtambo huhifadhi kura ndani yake bila karatasi. Tena mtambo unakataa kuchagua wawili mahali pa mmoja. Wengi waliamini kwamba ugonjwa umepona.

Mwaka wa 2006 kaunti ya Sarasota ilitumia mitambo hiyo. Kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi la Marekani kiligombewa na watu wawili tu, Christine Jennings na Vern Buchanan, ambaye si yule Buchanan wa mwaka wa 2000. Ukurasa wa kwanza wa skrini ulikuwa wa kiti cha Seneti peke yake. Ukurasa wa pili ulibeba mambo mawili: juu kabisa kiti hicho cha wagombea wawili, na chini yake kinyang'anyiro cha ugavana chenye majina mengi, kikitanguliwa na kichwa chenye rangi ya kuvutia. Jicho lilivutwa na rangi, likaruka sehemu ya juu.

Hesabu ilipotoka, watu wapatao 18,000 wa Sarasota walionekana hawakuchagua yeyote kwa kiti hicho. Kwenye mitambo, ni kama mtu mmoja katika kila saba. Miongoni mwa waliotumia karatasi za posta, hawakufika watatu katika kila mia. Ushindi wa Buchanan ulikuwa wa kura 369.

Hapo zikazuka hoja mbili. Wa kwanza walisema: wapiga kura hawakukiona kiti hicho. Wa pili walisema: tuligusa jina, na mtambo haukulishika. Wataalamu walipata ushahidi mzito kwa hoja ya kwanza katika kaunti jirani ya Charlotte. Huko, kinyang'anyiro cha Mwanasheria Mkuu ndicho kilichowekwa ukurasa mmoja na ugavana, na hicho ndicho kilichorukwa na watu wengi. Wakaguzi wa Bunge la Marekani nao waliipima mitambo na hawakupata dalili kwamba ndiyo iliyosababisha kasoro.

Je, wananchi waliridhika? La. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, mtambo ulitoa tarakimu zile zile ulizokuwa nazo tumboni, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kulinganisha. Mawakili wa Jennings waliomba kuikagua programu ya mtambo, na hakimu akawakatalia kwa sababu ni siri ya biashara ya mtengenezaji. Sisi tulio wanasheria tunamjua shahidi wa namna hii: anatoa ushahidi wake na hakubali kuhojiwa. Huenda alisema kweli, lakini hukumu iliyomtegemea yeye peke yake haimtulizi aliyeshindwa. Mwaka wa 2007 Florida ilipitisha sheria ya kurudi kwenye karatasi, na kuanzia 2008 wapiga kura wake wengi wakaweka alama kwenye karatasi inayosomwa na mashine na kuhifadhiwa.

Nasi tuna funzo letu. Katika uchaguzi wetu wa Machi 2013, idadi ya kura zilizokataliwa iliyopeperushwa kwa mitambo ilipita 300,000. Tume ikaeleza baadaye kwamba programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu iliyotangazwa mwishoni, kutokana na fomu zilizoletwa kwa mkono, ilikuwa 108,975. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, naye alivuka nusu kwa kura zipatazo 8,000 tu. Tofauti na Sarasota, kosa la mtambo wetu liliweza kupimwa, kwa sababu fomu za vituo na karatasi za kura zilikuwepo.

Kwa hiyo tunaomba wanaharakati na makanisa wadai mambo matatu. Kwanza, kabla ya karatasi au skrini kuidhinishwa, ijaribiwe na wananchi wa kawaida, wazee wakiwamo: kila mmoja aambiwe amchague fulani, kisha ihesabiwe ni wangapi walikosea. Pili, kinyang'anyiro kimoja kisifichwe chini au juu ya kingine. Kila kimoja kiwe na mahali pake. Tatu, kura tupu na kura zilizokataliwa zitangazwe kituo kwa kituo, na kila mtambo uache karatasi ambayo mpiga kura ameiona kwa macho yake. Zikizidi mno mahali pamoja, kabla ya kuwalaumu watu wa pale kwa kutojua kusoma, tuitazame kwanza karatasi waliyopewa.