Kauri, Mkaa au RO: Chujio Lipi kwa Nyumba Inayoishi kwa Mgao?

Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, DAWASA ilitangaza ratiba ya mgao kwa wakazi wa Dar es Salaam. Nyumba nyingi zilizozoea kunywa maji ya bomba zikajikuta, ndani ya wiki moja, zinakunywa maji ya boza, ya kisima cha jirani na yale yaliyosalia kwenye simtanki. Wauzaji wa vichujio hawana maelezo ya hali kama hiyo kwenye maboksi yao. Chujio hununuliwa likilengwa kwa maji ya aina moja, na nyumba ya mgao hupokea aina tatu.

Makala hii inachukua mfano wa familia ya watu 6 upande wa Kimara au Tegeta, yenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 3, inayopata maji ya bomba siku mbili kwa wiki na kununua boza yakikata zaidi. Maji ya kunywa na kupikia peke yake ni kama lita 20 kwa siku. Hayo 20 ndiyo ya kuchuja. Kuchuja ya kufulia na kuogea ni kutupa fedha.

Kabla ya chujio lolote, ni vyema kuelewa kinachotokea bombani wakati maji hayapo. Bomba likiwa halina presha, uchafu wa nje hupenya kupitia nyufa na maungio mabovu, hasa pale bomba linapopita kwenye mtaro au karibu na shimo la choo. Maji yakirudi hubeba uchafu huo pamoja na kutu na tope. Ndiyo maana maji ya mwanzo baada ya kukatika huwa ya rangi ya chai, na ndiyo yasiyofaa kabisa kuingizwa tankini. Yaachwe yakimbie kwenye ndoo za kudekia mpaka yang'ae, ndipo koki ya tanki ifunguliwe. Hatari kubwa ya nyumba hii, basi, ni vijidudu. Chumvi na kemikali huja baadaye, tena si kwa kila nyumba.

Hapo chujio la kauri linapata nafasi ya kwanza. Vitundu vyake ni vidogo kiasi cha kuzuia bakteria na vimelea kama vya amiba, na halihitaji umeme wala presha, kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake. Kasi yake ni ndogo, kwa kawaida lita 1 hadi 3 kwa saa, lakini likijazwa jioni na kujazwa tena asubuhi linatosha familia hii. Virusi ni vidogo kuliko vitundu vyake, hivyo hupenya. Wakati wa mlipuko wa kuhara, au maji yanapotoka chanzo kisichojulikana, yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe baada ya kuchujwa.

Adui wa kauri ni tope. Maji ya boza yaliyotiwa moja kwa moja huziba mshumaa wa chujio ndani ya siku chache. Yakiachwa yatulie usiku kucha kwenye ndoo, kisha yakamiminwa taratibu kupitia kitambaa safi, kuziba hupungua sana. Kasi ikishuka, mshumaa husuguliwa kwa brashi laini na maji safi bila sabuni. Jambo la kutisha ni kinyume chake: kauri inayotoa maji haraka kuliko juzi bila kusafishwa huenda ina ufa, au mpira wa shingoni umelegea. Ipo njia rahisi ya kuujua ufa. Mshumaa uliolowa hupulizwa hewa kupitia bomba lake huku umezamishwa majini, na mapovu yakitoka kwa wingi sehemu moja, pana ufa hapo. Mshumaa wa namna hiyo hutupwa. Kuuziba kwa gundi ni kujidanganya, na wanaolipa ni watoto.

Mkaa maalumu, ule wanaouita kaboni, hupendwa kwa sababu kazi yake huonekana mara moja: harufu ya klorini hupotea na maji yanapendeza mdomoni. Hunasa pia baadhi ya kemikali, zikiwemo dawa nyingi za kuua wadudu. Hauondoi chumvi wala floraidi, na hauaminiki kuzuia bakteria. Ndani ya nyumba ya mgao una hatari yake: huondoa klorini ambayo ndiyo iliyokuwa ikiyalinda maji, kisha hukaa umelowa siku tano bila maji kupita. Bakteria huzaliana humo. Maji ya kwanza yakirudi humwagwa kwa dakika kadhaa, na mkaa uwekwe baada ya kauri, kamwe usiwe peke yake. Kwa maji ya bomba, harufu ya klorini ikirejea ni ishara kwamba mkaa umechoka. Kwa maji ya kisima yasiyo na klorini hakuna ishara, kwa hiyo muda uliotajwa na mtengenezaji ufuatwe bila kuongezwa.

Kinachobaki ni osmosisi kinyume, mashine ambayo mafundi huiita RO. Inaondoa chumvi, floraidi na karibu kila kitu kilichoyeyuka, na kwa kisima cha ukanda wa pwani kilichoingiliwa na maji ya bahari hakuna chujio lingine la nyumbani linaloweza kazi hiyo. Lakini inataka presha ya baa 3 hivi, na kila mita 10 za kimo huleta baa 1 tu. Simtanki la mita 3 linatoa sehemu ya kumi ya inayohitajika. Maana yake ni pampu, na pampu ni umeme. Umeme na maji vikikatika pamoja, mashine ni pambo la ukutani.

Tena RO humwaga maji. Mashine nyingi za nyumbani hutupa lita 3 au zaidi ili kupata 1. Familia yetu ikitumia lita 300 kwa siku kwa shughuli zote, tanki lake linadumu siku 6 na nusu hivi. Ikichuja lita 20 kwa RO na kuacha lita 60 ziende mtaroni, matumizi yanafika 360 na tanki linakauka siku moja mapema. Ni lazima bomba la maji taka lielekezwe kwenye pipa la kudekia na kuvutia choo. Yasimwagiwe mboga, maana yamebeba chumvi ya maji yote yaliyochujwa.

Kwa hiyo uamuzi hautegemei bei wala tangazo. Kipimo kidogo cha chumvi, kinachouzwa madukani, kitumbukizwe kwenye maji ya bomba, ya boza na ya kisima, kila chanzo peke yake. Yakisoma chini ya miligramu 600 kwa lita, chumvi si tatizo: kauri yatosha, na mkaa baada yake kwa anayechukia harufu. Yakizidi 1,000 na familia haina chanzo kingine, RO ina hoja. Kipimo hicho hakioni bakteria wala hakitaji floraidi. Mkazi wa Arusha au Meru, ambako miamba ya volkano huyapa maji floraidi na meno ya watoto huwa kahawia, apeleke sampuli maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuipunguzi, na kauri ya kawaida huiacha ipite.