Rudi Ulikotoka

 

Leo nakuomba ufikirie dada mmoja anayeuza sambaza katika soko la Mbugangari. Ni mfano tu, lakini wewe wa Rubavu utamtambua. Anaweka TikTok video ya samaki wake na bei. Chini yake mtu anaandika: "Nyinyi watu wa mpakani hamna kwenu. Rudi ulikotoka."

Anaweza kunyamaza au kutukana. Akitukana, watu humiminika kuangalia ugomvi, na lile neno la chuki linawafikia wengi zaidi. Lakini tuseme anajibu kwa video fupi, beseni likiwa mbele yake:

"Nirudi nilikotoka? Nimetoka nyumbani, hapa nyuma ya soko. Nitarudi jioni, sambaza wakiisha. Ukitaka niwahi, njoo ununue. Sasa nisikilize: hapa tunauliza bei, hata kulalamika kwamba samaki ni wadogo ruksa. Anayetaja asili ya mtu, nafuta maneno yake na kumfungia. Haya, nani anataka kilo?"

Angalia kicheko kimeangukia wapi. Kimeangukia yale maneno, "rudi ulikotoka", ambayo ameyachukua kama yalivyo. Hakugusa kabila la aliyeandika, wala sura yake, wala mji wake. Angesema "nyinyi wa kule ndivyo mlivyo", angekuwa amebeba chuki ileile kwenye beseni jingine. Na hapa kwetu, hatua chache kutoka Petite Barrière, "wa kule" mara nyingi ni shemeji yako.

Mpaka wake nao unasema kitu anachoweza kukifanya mwenyewe: kufuta na kufungia. Hakusema "muwe na heshima", kwa sababu hilo kila mtu hulipima kwa kipimo chake. Ila mtu akirudia kesho, lazima amfungie kweli, bila video ya pili. Akimjibu tena, watajua kumbe kumtukana ndiyo njia ya kutokea kwenye video zake.

Jambo moja la ufundi. TikTok ukijibu maoni kwa video, maoni yale hubandikwa juu ya picha pamoja na jina la akaunti. Wafuasi wako wataenda kumshambulia, na pengine ni mtoto wa shule. Afadhali urekodi video ya kawaida, ukayasema maneno yale bila kutaja jina.

Kuna pia maneno ambayo hayajibiwi kwa mzaha. "Tunajua unapokaa", au wito wa kupiga watu wa kabila fulani: hapo acha kamera. Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini inayoonyesha maneno, jina la akaunti na tarehe, kisha upeleke RIB. Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao, namba 60 ya mwaka 2018. Ukifuta kwanza, utafika mbele ya mpelelezi ukiwa na hadithi tu.