Deni Lisilo na Mahakama: Zambia na Wadai Wake, 2020–2024



Tarehe 13 Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa dola milioni 42.5. Haikuwa deni lenyewe. Ilikuwa riba ya nusu mwaka ya hatifungani moja tu, ile ya dola bilioni moja iliyouzwa mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 8.5. Malipo yalitakiwa katikati ya Oktoba, na sasa siku 30 za nyongeza zilikuwa zimekwisha. Siku hiyohiyo wenye hatifungani walipiga kura kuhusu ombi la serikali la kusimamishiwa malipo kwa miezi sita, nao wakalikataa. Zambia ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kushindwa kulipa wadai wake tangu janga la UVIKO-19 lianze.

Ilichukua zaidi ya miaka mitatu na nusu kumaliza jambo hilo na wenye hatifungani. Wanafunzi wangu kila mwaka huniuliza: kwa nini mateso yote hayo? Kampuni ikielemewa huenda mahakamani, ikatangazwa mufilisi, mambo yakaisha. Kwa nini nchi nayo isiseme tu kwamba haina kitu?

Ni swali zuri, na jibu lake linaanza kwa kuangalia kile ambacho mahakama huifanyia kampuni. Kampuni ikiingia katika ufilisi, jaji huwazuia wadai wote kwa pamoja. Hakuna anayeruhusiwa kukimbilia ghalani kuchukua mali peke yake. Kisha anateuliwa mfilisi, mali inahesabiwa, kila mdai anapata sehemu kwa utaratibu unaojulikana, na kilichobaki bila kulipwa hakidaiwi tena. Kufilisika ni aibu, lakini pia ni kinga: kunawazuia wadai kugombania mali, na kunafuta salio.

Kwa nchi, jaji huyo hayupo. Hakuna mahakama duniani yenye mamlaka ya kuwazuia wadai wote wa Zambia, wala hakuna mfilisi anayeweza kuuza Maporomoko ya Viktoria. Mwaka 2001 Anne Krueger, aliyekuwa naibu wa kwanza wa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alipendekeza utaratibu wa kimataifa unaofanana na ule wa ufilisi. Kufikia mwaka 2003 pendekezo hilo lilikuwa limekufa, kwa sababu Marekani haikuliunga mkono, na hata baadhi ya nchi zenye madeni ziliogopa kwamba zingetozwa riba kubwa zaidi. Kwa hiyo nchi ikitangaza leo kuwa imefilisika, tangazo hilo halimfungi mtu yeyote. Deni linabaki hai, riba inaendelea kupanda juu yake, na kila mdai anabaki huru kwenda kushtaki anakotaka.

Zambia ililijua hilo kwa uchungu wake yenyewe. Mwaka 1979 ilikopa kutoka Rumania ili kununua matrekta na zana za kilimo. Ikashindwa kulipa. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal International ililinunua deni hilo la takriban dola milioni 30 kwa dola milioni tatu na kidogo, halafu ikaishtaki Zambia mjini London ikidai dola milioni 55. Mwaka 2007 hukumu ilitoka: Zambia ilipe takriban dola milioni 15.5. Jaji hakuipa kampuni yote iliyotaka, lakini aliipa mara nyingi ya ilichotoa mfukoni. Angalieni wakati wenyewe: Zambia ilikuwa imetoka tu kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na huyu mmoja ambaye hakuwemo katika msamaha akafaidika na msamaha wa wengine. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 2010 kuzuia kesi za aina hiyo, lakini sheria hiyo inahusu madeni ya zamani ya nchi zilizokuwa katika mpango ule wa msamaha. Haigusi hatifungani zilizouzwa baadaye.

Tena mdai anayekataa makubaliano hahitaji kuikamata mali iliyo Lusaka. Hatifungani nyingi za nchi zetu husimamiwa na sheria ya Uingereza au ya jimbo la New York, na humo serikali huwa imekubali kushtakiwa. Argentina iliposhindwa kulipa mwaka 2001, wadai wengi walikubali hatifungani mpya zenye thamani ndogo, lakini wachache walikataa. Mmoja wao, NML Capital, alifanikiwa Oktoba 2012 kuizuia meli ya kivita ya mafunzo ya Argentina, ARA Libertad, katika bandari ya Tema nchini Ghana. Meli iliachiwa Desemba kwa amri ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria za Bahari. Pigo kubwa zaidi lilitokea New York, ambako jaji aliamuru kwamba Argentina isiwalipe waliokubali ikiwa haiwalipi waliokataa. Mwaka 2014 Argentina ikajikuta ina fedha na ina nia ya kulipa, lakini njia ya kulipia imefungwa. Iliafikiana na waliokataa mwaka 2016.

Hapo ndipo tunapoona kwamba mazungumzo si huruma ya mkopeshaji wala unyonge wa mkopaji. Msamaha ambao kampuni huupata kwa hukumu, nchi inaweza kuupata kwa saini tu. Na saini hizo ziko mikononi mwa watu wasioaminiana.

Nirudi Novemba 2020. Kwa nini wenye hatifungani walikataa kutoa miezi sita, nao walijua kwamba Zambia haikuwa na fedha? Zambia ilikuwa na hatifungani tatu za dola, jumla bilioni tatu, na kando yake ilikuwa na mikopo mingi kutoka benki za China iliyojenga barabara, viwanja vya ndege na mitambo ya umeme. Masharti ya mikopo hiyo hayakuwa wazi. Wenye hatifungani walihofu kwamba wakisubiri, fedha watakazoziacha zitatumika kumlipa mwingine. Katika utafiti wangu wa mikataba hii sijaona jambo linaloeleweka vibaya kama hili: tunadhani ugomvi ni kati ya mdaiwa na mdai, kumbe kwa sehemu kubwa ni wadai wanaogopana wao kwa wao.

Hofu hiyo ndiyo iliyokula miaka. Zambia iliomba mapema mwaka 2021 kuingia katika Mfumo wa Pamoja wa kundi la G20, ambao unaziweka serikali zinazodai, China ikiwemo, katika kamati moja. Agosti mwaka huo Hakainde Hichilema alimshinda Edgar Lungu katika uchaguzi, na serikali mpya ikachapisha takwimu zilizoonyesha deni kubwa kuliko lililokuwa limetangazwa. Kamati ya wadai ilikaa kwa mara ya kwanza Juni 2022, chini ya uenyekiti wa pamoja wa China na Ufaransa. Hadi hapo Shirika la Fedha la Kimataifa halikuweza kutoa hata senti, kwa kuwa kanuni zake haziruhusu kuikopesha nchi ambayo deni lake halihimiliki, mpaka wadai waahidi kulipunguza. Ahadi ilitoka mwisho wa Julai, na mkopo wa dola bilioni 1.3 ukaidhinishwa Agosti 2022. Ahadi, nawakumbusha, si mkataba. Makubaliano na serikali zinazodai yalifikiwa Juni 2023, juu ya dola bilioni 6.3, ambazo kati yake takriban bilioni 4.1 zilikuwa za Benki ya Exim ya China.

Je, walisamehe kiasi gani? Kwa namba iliyoandikwa, hakuna. Bilioni 6.3 zilibaki zilivyo. Walichokibadili ni muda, ukasogezwa hadi 2043, na riba, ikashuka hadi asilimia moja mpaka 2037. Mtu asiyezoea hesabu hizi ataona kwamba Zambia haikupewa kitu, kwa hiyo tufanye hesabu ndogo pamoja. Nikikudai shilingi 100, nami nikakubali unilipe zote kwa mkupuo baada ya miaka 20, huku ukinipa shilingi moja tu ya riba kila mwaka, nimekusamehe kiasi gani? Tuseme fedha yangu ingeweza kuzaa asilimia tano mahali pengine. Ile 100 ya mwaka wa ishirini ina thamani ya takriban shilingi 38 leo, na zile shilingi moja moja zote pamoja ni kama 12 na nusu. Nimebakiwa na 50. Nimesamehe nusu bila kufuta hata shilingi moja kwenye daftari. Lakini badilisheni ile asilimia tano iwe kumi, na jibu litakuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo wadai wawili wanaweza kutazama mkataba uleule, kila mmoja akaapa kwa dhati kwamba yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Ndivyo ilivyotokea. Oktoba 2023 wenye hatifungani walikubaliana na Zambia. Novemba, kamati ya serikali zinazodai ikayakataa makubaliano hayo, ikisema hatifungani zimepunguzwa kidogo kuliko mikopo yao. Sharti la Mfumo wa Pamoja kwamba wadai wote watendewe sawa, lililowekwa ili kuondoa hofu kati yao, ndilo lililowapa nguvu ya kuvunja mkataba wa mwenzao. Ikachukua miezi mingine hadi Machi 2024 kupata hesabu iliyowaridhisha wote.

Juni 2024 hatifungani za zamani zilibadilishwa kwa mpya. Wadogo waliokataa hawakuweza kufuata njia ya Donegal, kwa sababu mikataba ilikuwa na kifungu cha pamoja: wenye asilimia 75 ya thamani wakikubali, wengine wanafungwa nao. Kifungu hiki ndicho kitu kinachokaribia zaidi kazi ya yule jaji tusiyekuwa naye. Hata hivyo kinawafunga wenye hatifungani peke yao. Benki yenye mkopo wa kawaida haimo.

Namba zenyewe zinastahili kutazamwa taratibu. Deni la bilioni tatu lilikuwa limefika karibu bilioni 3.9 kwa riba zilizolimbikizana wakati wa mazungumzo. Wenye hatifungani walifuta kama dola milioni 840, wakapokea hatifungani mbili mpya za jumla ya bilioni 3.05. Yaani kilichofutwa kinakaribiana sana na kilicholimbikizwa na kuchelewa. Nafuu halisi ya Zambia imo katika muda na riba, kwa sababu hatifungani kubwa kati ya zile mbili inalipwa hadi 2033 kwa riba ya asilimia 5.75 inayopanda baadaye.

Ya pili, ya bilioni 1.35, ina masharti ya aina yake. Mambo yakibaki ya wastani, inalipa riba ya nusu asilimia na kumalizika 2053. Lakini ikiwa kati ya 2026 na 2028 Shirika la Fedha litaona uwezo wa Zambia wa kubeba deni umepanda, au mauzo ya nje na mapato ya serikali yakizidi makadirio, riba inaruka hadi asilimia 7.5 na malipo yanavutwa nyuma hadi 2035. Wanafunzi wa takwimu mlio hapa, fuatilieni bei ya shaba katika miaka hiyo mitatu.